Degedege la homa kwa mtoto mwenye mafua makali: maswali ambayo wazazi wa Mombasa huuliza mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu jambo moja tu: mtoto mdogo ameshikwa na mafua makali, homa imepanda, na degedege limemjia akiwa nyumbani. Kama mtoto wako ana degedege wakati huu unaposoma, nenda kwanza swali la 5. Mengine yasome akishatulia.

## Kulielewa degedege lenyewe

1. Degedege la homa ni nini, na linaonekanaje?

Ni mtikisiko wa mwili unaomjia mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, pasipo ugonjwa ndani ya ubongo wenyewe na pasipo kuwa na kifafa. Wengi hupatwa kwa mara ya kwanza wakiwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu.

Mtoto hupoteza fahamu ghafla. Macho hugeuka juu au hukodoka bila kuona, mwili hukakamaa kama gogo, kisha mikono na miguu huanza kutupwatupwa kwa mpigo mmoja. Anaweza kutoa povu, kujikojolea, na midomo ikageuka rangi ya zambarau kwa sababu kifua kimekazana na pumzi haiingii vizuri. Kisha mpigo hupungua, mtoto huvuta pumzi ndefu na kulegea, halafu hulala usingizi mzito. Mara nyingi yote haya huisha kabla ya dakika 3. Wazazi wengi husema walidhani mtoto anakata roho, na kwa kweli ndivyo linavyoonekana, lakini degedege la kawaida la homa haliui.

2. Kwa nini mafua yalete degedege?

Virusi vya mafua makali, yaani influenza, hushambulia pua, koo na mapafu. Kwa kawaida haviingii kwenye ubongo. Kinachofika kwenye ubongo ni taarifa ya vita: askari wa mwili humwaga kemikali kwenye damu, na kemikali hizo huuamuru ubongo upandishe joto. Hapo ndipo homa inapotoka.

Sasa kemikali zizo hizo, pamoja na joto lenyewe, huzifanya chembe za neva kuwa nyepesi kurusha umeme. Ubongo wa mtu mzima una breki za kutosha kuzituliza. Ubongo wa mtoto wa mwaka mmoja bado unazijenga breki hizo, kwa hiyo kundi kubwa la chembe huweza kurusha umeme kwa pamoja, na mwili mzima ukatikisika. Mtoto anapokua, breki hukomaa, na ndiyo maana tatizo hili huisha lenyewe akifika miaka 5 au 6.

Mafua makali yanajulikana zaidi kwa hili kuliko makamasi ya kawaida kwa sababu homa yake hupanda juu na hupanda haraka. Mtoto anaweza kulala jioni akiwa na chafya tu na kufika nyuzi 39.5 kabla ya usiku wa manane. Mara nyingi degedege huja ndani ya siku ya kwanza ya homa, na wakati mwingine ndilo linalomjulisha mzazi kwamba mtoto ana homa.

3. Kwa nini limshike huyu na si ndugu yake, na wote wana mafua?

Jambo kubwa ni damu ya ukoo. Ukiuliza nyumbani, mara nyingi utasikia kwamba baba, shangazi au mjomba naye alishikwa alipokuwa mdogo. Katika nchi nyingi zilikochunguzwa, watoto 2 hadi 5 kati ya 100 hupatwa angalau mara moja, kwa hiyo si jambo la nadra.

4. Wazee wanasema ni nyuni, au mtoto ametupiwa kitu. Je, nimpeleke kwa mganga kwanza?

Hofu ya wazee ina msingi: kwa vizazi vingi hapa Pwani, watoto waliopata degedege kutokana na malaria au homa ya uti wa mgongo walikufa au walibaki na ulemavu. Walichokiona ni kweli. Ndiyo maana tunaomba hospitali itangulie, kwa kuwa magonjwa hayo mawili yana dawa, na dawa hiyo hufaa ikiwahi. Dua na kisomo vinaweza kufanywa njiani na kando ya kitanda cha hospitali. Havigongani na matibabu. Kinachogongana nayo ni kuchelewa, kunywesha mtoto asiye na fahamu dawa za mitishamba, na kumfukiza moshi wakati pumzi yake tayari ni ya shida.

## Dakika 5 za kwanza

5. Degedege limemshika sasa hivi. Nifanye nini?

Mlaze chini, kwenye mkeka au godoro, mbali na jiko, ukuta na ncha za samani. Mgeuze alale ubavu, uso ukielekea kidogo chini, ili mate, povu au matapishi yatoke nje ya mdomo yasirudi kooni. Hili la kumlaza ubavu ndilo linalookoa maisha kuliko jingine lolote utakalofanya. Kama mwili umekakamaa sana na haugeuki, subiri mpigo ulegee kidogo kisha umgeuze, usimlazimishe.

Tazama saa papo hapo, au mwambie mtu mwingine aitazame na kuutaja wakati kwa sauti. Dakika moja ya degedege huonekana kama robo saa, na bila saa hutaweza kumwambia daktari lilichukua muda gani. Legeza kola, fungua vifungo, ondoa blanketi. Weka leso iliyokunjwa chini ya kichwa. Kisha kaa naye, uangalie: je, pande zote mbili za mwili zinatikisika, au mkono na mguu wa upande mmoja tu? Macho yanaelekea wapi? Kama kuna mtu wa pili, arekodi sekunde chache kwa simu. Video fupi humsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Huku ukimwangalia, mtu mwingine atafute usafiri (swali la 8). Usingoje dakika 5 zitimie ndipo uanze kutafuta tuktuk.

6. Na nisifanye nini?

Usitie chochote mdomoni: si kijiko, si kidole, si kitambaa. Ulimi haumezwi, hauna pa kwenda. Kijiko huvunja meno ya mtoto, na kipande cha jino kikiingia kwenye njia ya hewa sasa umetengeneza hatari ambayo haikuwepo.

Usimnyweshe maji, dawa ya homa wala asali mpaka aamke kabisa na kumeza vizuri, kwa sababu asiye na fahamu hupeleka maji mapafuni. Usimbane mikono na miguu kuzuia mtikisiko. Haukomi kwa kubanwa, na unaweza kumtegua kiungo. Usimwagie maji baridi, usimtikise, usimpulizie mdomoni wakati bado anatikisika. Mafuta ya taa, kitunguu puani na spiriti ya kusugulia mwili havisimamishi degedege. Mafuta ya taa yakiingia mapafuni husababisha nimonia mbaya.

7. Nimesikia mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Ni kweli?

Si kweli, na imani hii imegharimu maisha ya watoto. Ilitokana na kuona watoto waliofikishwa hospitali wakiwa wamechelewa sana, wakachomwa sindano, wakafa. Ugonjwa ndio uliowaua. Dawa ya kusimamisha degedege refu, ambayo mara nyingi ni diazepamu, hutiwa kwenye mshipa au hupitishwa njia ya haja kubwa, na kila dakika inayopita bila dawa hiyo hulifanya degedege liwe gumu zaidi kulizima.

Hata hivyo, usinunue vidonge vya diazepamu dukani ukamsagia mtoto. Dawa hii ikizidi huzuia pumzi, na pale hospitali huitoa wakiwa na kifaa cha kumsaidia kupumua karibu. Kipo kipimo maalum cha kuweka nyumbani, lakini ni kwa mtoto ambaye daktari ameona anakihitaji na mzazi amefundishwa namna ya kukitumia.

8. Niondoke lini, na niende wapi?

Ondoka mara moja ikiwa degedege limefika dakika 5, likija la pili kabla hajazinduka vizuri, au ikiwa anapumua kwa shida baada ya kutulia. Namba za dharura ni 999 na 112, lakini ikiwa gari la wagonjwa haliko karibu, tuktuk iliyo mlangoni ni bora. Bodaboda ni ya mwisho kabisa, kwa sababu huwezi kumlaza mtoto ubavu ukiwa juu yake.

Nenda kituo cha karibu chenye mhudumu aliye zamu, si lazima hospitali kubwa. Mkaazi wa Likoni ana hospitali ya kaunti ndogo upande huohuo wa maji. Hana haja ya kungoja feri usiku na mtoto anayetikisika. Wa Changamwe na Miritini wana Port Reitz. Aliye Kisauni saa za foleni ya daraja la Nyali asiliangalie daraja kwanza. Kituo kidogo chaweza kulisimamisha degedege na kupima sukari na malaria, kisha kikampa rufaa kwenda Hospitali Kuu ya Pwani akiwa ametulia.

## Degedege likishaisha

9. Limekwisha baada ya dakika 2 na mtoto amelala. Bado nimpeleke?

Ndiyo, usiku huohuo. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea, kwa sababu wanajua mtoto ana mafua na wanaona sababu imeshapatikana. Mafua hayamkingi mtoto na malaria. Mombasa mtoto anaweza kuwa na makamasi na vimelea vya malaria kwa wakati mmoja, na utafiti wa miaka mingi wa KEMRI huko Kilifi umeonyesha kuwa malaria ni sababu kubwa ya degedege kwa watoto wanaolazwa hapa Pwani. Homa ya uti wa mgongo nayo huweza kuanza kwa dalili zinazofanana na mafua. Hakuna mzazi, wala daktari, anayeweza kuyatenganisha haya kwa macho usiku wa kwanza.

Kulala baada ya degedege ni kawaida. Ndani ya saa moja hivi anapaswa kuamka ukimwita, akutambue, alie kwa sauti yake ya kawaida. Asipoamka hivyo, soma swali la 16.

10. Hospitalini watafanya nini?

Watahakikisha anapumua vizuri, watapima joto, na watamdunga kidole kwa ajili ya sukari na malaria. Sukari kushuka ni jambo la kawaida kwa mtoto mgonjwa ambaye hajala, na yenyewe huleta degedege. Kisha watatafuta chanzo cha homa: masikio, koo, kifua, pengine mkojo. Watagusa utosi na kuikunja shingo. Wakishuku homa ya uti wa mgongo wataomba kutoa maji kidogo mgongoni. Wazazi wengi hukikataa kipimo hiki kwa hofu ya mtoto kupooza. Sindano huingia chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, na ndicho kipimo pekee kinachothibitisha.

Picha ya kichwa na kipimo cha umeme wa ubongo havihitajiki kwa degedege la kawaida la homa. Una haki ya kuuliza kwa nini mtoto ameandikiwa.

11. Tupeni mfano, mwanzo hadi mwisho.

Chukua mtoto wa miezi 14 wa Likoni, kilo 10. Kaka yake wa darasa la pili ameleta mafua nyumbani. Jioni mdogo anapiga chafya na kukataa uji. Saa tatu usiku, akiwa amelala, bibi anasikia mlio wa koo; mtoto amekakamaa, kisha anatikisika pande zote mbili. Mama anamlaza ubavu sakafuni, baba anataja saa 3:04 na kutoka kutafuta tuktuk. Saa 3:06 mtikisiko unaisha. Mwili ni wa moto sana. Hawampi dawa ya kunywa kwa kuwa hajazinduka.

Wanafika hospitali saa 3:30. Njiani ameanza kulia na kumshika mama shingoni, dalili nzuri kabisa. Joto ni nyuzi 39.4, sukari iko sawa, malaria hakuna, shingo inakunjika, utosi haujavimba, kifua ni safi, koo ni jekundu. Sasa anameza, kwa hiyo anapewa parasetamoli mililita 6 (hesabu yake iko swali la 12). Anaangaliwa kwa saa kadhaa, ananyonya, anacheza na kamba ya kipimajoto. Anaruhusiwa pamoja na orodha ya dalili za kurudi. Homa inaendelea siku 3, kama ilivyo kawaida ya influenza, bila degedege jingine.

Badilisha jambo moja tu katika mfano huu, kwa mfano kwamba saa 4:30 bado haamki vizuri au shingo ni ngumu, na mtoto huyo halali nyumbani usiku huo.

## Homa na dawa zake

12. Nimpe parasetamoli kiasi gani?

Hesabu huenda kwa uzito, si kwa umri: miligramu 15 kwa kila kilo, kwa kila dozi. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 150. Chupa nyingi za dawa ya maji zina miligramu 120 katika kila mililita 5, kwa hiyo dozi yake ni kama mililita 6. Rudia baada ya saa 6 ikiwa bado ana homa na anasumbuka, na usizidishe dozi 4 kwa siku.

Makosa mawili huonekana sana. La kwanza ni kijiko cha chai, ambacho hutofautiana nyumba hata nyumba. Tumia sirinji isiyo na sindano, inapatikana duka lolote la dawa. La pili ni kumpa parasetamoli mara mbili bila kujua, kwa sababu dawa nyingi za mafua zilizochanganywa tayari zina parasetamoli ndani. Soma kibandiko. Angalia pia kama chupa ni ya matone, kwa sababu matone huwa makali zaidi kwa kila mililita.

Usimpe aspirini mtoto mwenye mafua. Ikikutana na virusi vya influenza huweza kuleta ugonjwa wa nadra unaoharibu ini na ubongo.

13. Ningempa dawa ya homa mapema, degedege lisingekuja?

La. Hili limepimwa mara nyingi: watoto wanaopewa parasetamoli au ibuprofeni kwa saa maalum hushikwa na degedege sawasawa na wasiopewa. Dawa humpunguzia mtoto maumivu na kumwezesha kunywa na kulala, na hiyo ni sababu tosha ya kuitoa. Lakini hakuna mama aliyeleta degedege kwa kuchelewesha dozi, na asiambiwe hivyo na mtu yeyote nyumbani.

14. Kumpangusa kwa maji je?

Mvue nguo nzito, fungua madirisha, mpe kunyonya au maji kidogo kidogo. Maji baridi na barafu hubana mishipa ya ngozi, mtoto hutetemeka, na kutetemeka huongeza joto la ndani. Kumfunika blanketi mbili ili atoe jasho katika joto la Mombasa ni kosa la upande wa pili.

## Siku za mbele

15. Litarudi? Atapata kifafa?

Karibu mtoto mmoja kati ya watatu hupatwa tena katika homa nyingine. Uwezekano ni mkubwa zaidi kama la kwanza lilikuja kabla ya mwaka mmoja, au kama kuna aliyelipata katika familia. Kwa hiyo mfundishe yaya na bibi swali la 5 na la 6, na usimwache mtoto mwenye homa peke yake kwenye karai la kuogea.

Kuhusu kifafa, zaidi ya watoto 95 kati ya 100 waliopata degedege la kawaida la homa hawakipati. Degedege fupi halipunguzi akili wala kuchelewesha kusema. Ndiyo maana dawa za kila siku kama fenobabitoni hazitolewi kwa ajili yake. Usingizi na ugumu wa kujifunza unaoletwa nazo ni mbaya kuliko tatizo lenyewe.

Chanjo zake za kawaida ziendelee kwa ratiba. Chanjo ya influenza yenyewe hutolewa kuanzia miezi 6, lakini ulizia hospitali za binafsi. Hapa kwetu karibu na ikweta virusi hivi huzunguka miezi mingi ya mwaka, kwa hiyo hakuna msimu mmoja wa kuungojea.

## Hali zisizo za kawaida

16. Ni lini degedege si la kawaida?

Linapomjia mtoto wa chini ya miezi 6 au wa zaidi ya miaka 5. Linapotikisa upande mmoja tu, kupita dakika 15, au kurudi ndani ya saa 24. Pia, baada ya saa moja, mtoto asipoamka vizuri, akizungumza mambo yasiyoeleweka, au mkono mmoja ukibaki dhaifu. Mara chache influenza huvimbisha ubongo, na ishara yake ni hiyo ya mtoto kutorudi katika hali yake.

Rudi hospitali vilevile ukiona shingo ngumu, utosi uliovimba, madoa mekundu yasiyofifia ukiyabonyeza, kutapika kila kitu, au kifua kinachoingia ndani anapovuta pumzi.

17. Anatetemeka kwa baridi ya homa. Nitajuaje kama ni degedege?

Mwite jina. Anayetetemeka kwa homa anakutazama, analia, anakushika. Mwenye degedege hayupo nawe. Macho hayakufuati na mpigo haukatiki ukimshika mkono.

18. Likimshika tukiwa kwenye matatu au feri?

Mlaze ubavu mapajani mwako, kichwa kiwe chini kidogo kuliko kiwiliwili, uso uelekee nje. Mwambie dereva asimame mahali salama, na watu wafungue madirisha na kusogea. Msongamano humnyima hewa. Kwenye feri mwambie mfanyakazi wa feri mara moja ili upewe nafasi ya kushuka mbele, na mtu apige simu kutafuta gari la upande mnaofikia kabla feri haijatia nanga.